Anazungumza Kiswahili tangu azaliwe, mbona sentensi sahihi zinamshinda?

Mwalimu, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto wawili na tunaishi Nairobi. Binti yangu wa kwanza yuko Gredi ya Sita na mwaka huu anafanya KPSEA. Hisabati haimsumbui. Kinachomshinda ni Kiswahili, tena si ufahamu wala msamiati, ni yale maswali ya kuchagua jibu lililo sahihi kisarufi. Kila akileta karatasi ya majaribio nyumbani, alama zimepotelea hapo hapo. Nimekunakilia maswali manne aliyokosa wiki jana.

1. Funguo za mlango wa nyumba ya babu ____. (A) umepotea (B) amepotea (C) zimepotea (D) imepotea. Alichagua D.

2. Kanusha: Mgeni amefika. (A) Mgeni hafiki. (B) Mgeni hakufika. (C) Mgeni hatafika. (D) Mgeni hajafika. Alichagua B.

3. Ungesoma kwa bidii ____ mtihani. (A) ungepita (B) ungalipita (C) utapita (D) ulipita. Alichagua B.

4. Chagua sentensi sahihi. (A) Wanafunzi ambao walichelewa wameadhibiwa. (B) Wanafunzi ambao waliochelewa wameadhibiwa. (C) Wanafunzi ambaye alichelewa ameadhibiwa. (D) Wanafunzi waliochelewa ameadhibiwa. Alichagua B.

Baba yake anasema kosa ni letu, Kiswahili chetu cha nyumbani kimeharibika. Ni kweli hapa kwetu tunasema "hiyo kitabu", "hizo watoto", "anakujanga". Mwezi uliopita akatoa amri: ndani ya nyumba ni Kiswahili sanifu tu, na anayekosea anasahihishwa papo hapo. Sasa mtoto amenyamaza. Juzi nyanya yake alipopiga simu, alijibu "ndiyo" na "hapana" kisha akanirudishia simu. Nilipomuuliza akasema, "Mama, kila nikifungua mdomo nakosea."

Jirani ananiambia ninunue vitabu vya majaribio afanye karatasi nzima kila jioni. Mwingine anasema nitafute mwalimu wa tuisheni. Nikimwacha azungumze apendavyo, naogopa atafeli. Nikishikilia amri ya baba yake, naona ninampoteza mtoto. Nifanyeje?

Mama wa Gredi ya Sita, Nairobi

JIBU

Sijambo, mama. Umefanya jambo ambalo wazazi wachache hulifanya: umeninakilia maswali yenyewe na herufi alizochagua mtoto. Wengi huniandikia alama tu, na alama haisemi mtoto alikuwa akiwaza nini. Herufi inasema. Kwa hiyo naomba tuzisikilize herufi hizo nne kwanza, ndipo turudi kwenye amri ya baba.

Tazama lile swali la funguo. Mtunzi hakuokota majibu yale ovyo. Sentensi ina nomino nne, na kila nomino imezaa jibu moja: funguo imetoa "zimepotea", mlango umetoa "umepotea", nyumba imetoa "imepotea", na babu ametoa "amepotea". Mtego wenyewe ni umbali. Kati ya funguo na kitenzi chake pamewekwa maneno sita, na mtoto anapofika kwenye pengo amekwisha kusahau ni nini hasa kilichopotea.

Binti yako alichagua "imepotea". Baba yake atasema, hiyo ndiyo "hiyo kitabu" ya nyumbani. Huenda. Katika Kiswahili cha mitaani Nairobi, i- na zi- zimemeza ngeli nyingi, na mtu husema "kitabu imeanguka" bila kutambua lolote. Lakini herufi D inaweza kuletwa na sababu nyingine mbili. Moja ni kwamba alivutwa na "nyumba ya babu", kwa kuwa ndilo fungu la mwisho alilolisoma kabla ya pengo. Nyingine ni kwamba hajui kuwa funguo ni wingi. Watu wengi husema "funguo yangu imepotea" wakimaanisha ufunguo mmoja, na mtoto aliyekua akisikia hivyo ataiweka funguo pamoja na nyumba na meza, asijue kwamba ni wingi wa ufunguo.

Sababu ni tatu, herufi ni ile ile moja, na kila sababu ina dawa yake. Ndiyo maana singependa tuamue mapema kwamba chanzo ni mazungumzo ya mezani. Mpe kwanza sentensi hii bila kumwambia unachotafuta: "Vitabu vya mtoto wa mwalimu ____", na majibu yawe "vimepotea", "amepotea", "imepotea" na "zimepotea". Akichagua "amepotea", amevutwa na nomino ya karibu. Akichagua "imepotea" au "zimepotea", basi ni mazoea ya mtaani. Akipata "vimepotea" bila shida, muulize umoja wa funguo. Akijibu kwamba ni "funguo" vilevile, umeligundua tatizo, nalo ni dogo kuliko mlivyodhani. Inatosha mkae pamoja muorodheshe nomino za aina hiyo: ufunguo na funguo, ukuta na kuta, ufagio na fagio, ufa na nyufa, uso na nyuso, wembe na nyembe, wimbo na nyimbo. Kisha azitungie sentensi kwa umoja na wingi: ukuta umebomoka, kuta zimebomoka.

Sasa njoo kwenye swali la tatu na la nne, maana hapo ndipo naona jambo ambalo ningependa baba yake pia alione. Ni nani nyumbani kwenu husema "ungalipita"? Ni nani husema "ambao waliochelewa" akiwa anapakua chakula? Hayo hakuyatoa jikoni. Naona mtoto aliyekwisha kuambiwa kwamba Kiswahili chake ni kibaya, kwa hiyo akikuta jibu lenye sura nzito, refu na geni kidogo, analiamini kuliko lile analolifahamu. "Ungepita" ilimwonekea nyepesi mno. "Ambao walichelewa" ilikuwa na dalili moja tu ya urejeshi, akaona ile yenye mbili ndiyo ya kisomi zaidi. Sisemi kwa hakika kwamba ndivyo alivyowaza, wewe ndiwe unayemjua. Lakini ikiwa ndivyo, basi kila anaposahihishwa mezani tabia hiyo inazidi kukomaa.

Woga wa aina hii una alama unazoweza kuzitambua. Mtoto anayesahihishwa mno huanza kushika kanuni kwa kichwa cha neno bila kutazama maana. Akisikia kwamba ki- huenda na ki-, atakuandikia "kiongozi hiki kimefika", ilhali kiongozi ni mtu na sentensi ni "kiongozi huyu amefika". Watunzi wanaijua tabia hiyo na huitegea mtego. Hupenda nomino kama kifaru: akiwa mnyama, "kifaru huyu amelala", kikiwa gari la vita, "kifaru hiki kimelipuka". Hata nyanya aliyempigia simu anaingia hapo. "Nyanya hii imeiva" ni ya sokoni, "nyanya huyu amepiga simu" ni mzazi wa mzazi. Tena ukiweka kimilikishi unasema "nyanya yangu amepiga simu", ambapo "yangu" inafuata umbo na "amepiga" inafuata uhai, zote mbili katika sentensi moja. Mtoto aliyezoea kusikiliza maana haitamtatiza. Yule anayekimbilia kanuni ataandika "nyanya wangu" akidhani amejisahihisha.

Swali la pili ni la wakati, na mtego wake ni wa namna nyingine. Majibu yote manne ni Kiswahili safi. Hakuna hata moja linalokwaruza sikio, kwa hiyo sikio halimsaidii hapo. "Hafiki" inakanusha "anafika", "hakufika" inakanusha "alifika", "hatafika" inakanusha "atafika", na "hajafika" ndiyo inayokanusha "amefika". Usimkaririshe jedwali kwanza. Mwambie aone tofauti. Ukisema mgeni hakufika, siku imekwisha, chakula mmekila wenyewe na habari yake imefungwa. Ukisema mgeni hajafika, bado mnamngoja, sahani yake imefunikwa mezani. Sasa muulize, kitendo cha "amefika" kimefungwa zamani, au athari yake bado ipo, mgeni yumo sebuleni? Mtoto wa Gredi ya Sita anaiona hiyo mara moja, na akishaiona -me- na -ja- hazimpotei tena.

Labda umekwisha kuliona linalojirudia. Karibu kila jibu lisilo sahihi katika maswali haya ni jibu sahihi la swali jingine. Kwangu mimi zoezi lenye manufaa kuliko yote linatoka hapo. Baada ya mtoto kuchagua, usimwambie amepata au amekosa. Mwombe atafutie kila jibu lililobaki sentensi ambamo lingekuwa sahihi. Tulifanye na lile la tatu. "Ungepita" inadai "ungesoma", kwa sababu pande mbili za sharti hubeba kiambishi kimoja: -nge- kwa -nge-. "Ungalipita" je? Itadai "ungalisoma". "Utapita" inadai "ukisoma". "Ulipita" itapata makao katika "ulisoma kwa bidii, ndiyo maana ulipita". Ametoka na sentensi nne sahihi, zote kazitunga yeye, na ndani yake amepita kwenye sharti linalowezekana, sharti ambalo halikutimia, na tukio lililokwisha. Vitabu vya sarufi hufundisha kwamba -nge- huelekea jambo ambalo bado lingewezekana sasa, na -ngali- jambo lililokwisha kupita bila kutendeka. Katika mazungumzo watu huchanganya, ila kwenye karatasi ya kuchagua majibu, kinachopimwa mara nyingi ni kama pande mbili zinalingana.

La nne nalo lifanyieni hivyo hivyo. Jibu B lina "ambao" na pia lina -o- ndani ya "waliochelewa", urejeshi mara mbili. Mwambie afute kimoja, chochote apendacho. Akifuta "ambao", anabaki na "wanafunzi waliochelewa wameadhibiwa". Akiondoa -o-, anabaki na "wanafunzi ambao walichelewa wameadhibiwa". Zote mbili ni sahihi, na ni vyema ajue hivyo, maana mtihani mwingine utampa ile ya kwanza badala ya ile ya pili. Hatakuwa amekariri sentensi, atakuwa anajua kilichozidi. Katika jibu C na D kosa ni idadi: wanafunzi ni wengi, "ambaye" na "ameadhibiwa" ni za mmoja.

Zoezi hili lina gharama yake, nisikufiche. Ni la polepole. Swali moja laweza kula dakika nyingi, kwa hiyo maswali mawili au matatu kwa jioni yanatosha, na mtoto anayependa kumaliza haraka atalalamika. Lakini linamrudishia kitu ambacho amri imemnyang'anya. Anatunga, na jibu alilokosa halimpi aibu, linapata mahali pake.

Kuna na ujanja wa penseli unaofaa siku ya mtihani, wakati hana nafasi ya kutunga. Anapokutana na sentensi ndefu yenye pengo, aanze kwenye nomino ya kwanza, kisha azungushie mabano kila fungu linaloanza na -a ya uhusiano hadi afike kwenye pengo. "Funguo (za mlango wa nyumba ya babu) ____." Asome kilicho nje ya mabano tu. Katika maswali ya kuchagua sentensi nzima, asizisome zote nne kama hadithi. Atafute mahali zinapotofautiana. Katika lile la nne, zinatofautiana kwenye urejeshi na kwenye kitenzi cha mwisho, basi. Macho yakae hapo.

Mabano hayatatui kila kitu. Ziko sentensi ambazo kiima chake ni mahali: "Darasani mna wanafunzi wengi", "Mezani pana vitabu vitatu". Hapo kitenzi hakifuati wanafunzi wala vitabu, kinafuata darasani na mezani, na mtoto aliyezoea kutafuta kitu au mtu atachagua "wana" au "vina". Mfundishe kwamba akiona -ni mwishoni mwa neno la kwanza, asimame ajiulize kama sentensi inazungumzia mahali.

Turudi sasa kwenye njia zilizo mbele yako.

Amri ya baba ina nia njema, na siwezi kusema haina faida kabisa. Mtoto anayesikia upatanisho kamili kila siku hatimaye ataubeba. Wasiwasi wangu ni namna inavyotekelezwa. Pia ningependa mwenzako ajue kwamba pengo kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya karatasi haliko Nairobi peke yake. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na mtoto wa Mombasa anayezungumza Kimvita nyumbani husema "ndia" na darasani huandika "njia". Hajaambiwa kwamba nyanya yake anaharibu lugha. Amejifunza kwamba kuna ya nyumbani na kuna ya karatasi. Binti yako anaweza kujifunza vilevile. Chukua "anakujanga". Wazo la mazoea tayari analo, linalokosekana ni umbo tu: nyumbani "anakujanga", kwenye karatasi "huja". Mwonye hapo kwamba hu- haitaki kiambishi cha nafsi, kwa hiyo ni "mimi huja, sisi huja, wao huja", na kwamba katika umbo hilo -ku- ya "kuja" huanguka. Watunzi hupenda kuweka "Baba hukuja kila jioni" miongoni mwa majibu, na "hukuja" maana yake ni kwamba wewe, jana, hukufika.

Mwenzako akitaka kuendelea kusahihisha, iko namna isiyomfunga mtoto mdomo. Mtoto akiuliza, "Baba, hiyo kitabu iko wapi?", baba ajibu, "Kitabu hicho kiko juu ya kabati," na mazungumzo yaendelee. Hakuna "rudia", hakuna "umekosea". Mtoto amesikia umbo sahihi likijibu swali lake la kweli. Hasara ni kwamba siku nyingine hataligundua, na mzazi mwenye haraka ya matokeo ataona kama hakuna kinachofanyika. Mnaweza pia kutenga muda mfupi wa Kiswahili cha karatasi, baba akiwa ndiye mshiriki wake katika lile zoezi la majibu yaliyobaki, kisha muda ukiisha kila mtu azungumze atakavyo. Simu ya nyanya ningeiacha nje ya haya yote, lakini hilo mtalipima wenyewe.

Vitabu vya majaribio vina nafasi yake, ila chagua kwa macho. KPSEA ilianza mwaka 2022 na ni ya Gredi ya Sita. KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa ya Darasa la Nane. Ukikuta kitabu kimejazwa maswali ya zamani ya Darasa la Nane, mtoto wako anapimwa kwa kipimo cha wakubwa wake, na akishindwa atathibitisha tu kile anachokihofia. Angalia pia ukurasa wa majibu. Chukua maswali matano ambayo wewe mwenyewe una hakika nayo uyalinganishe. Kitabu kikikosea hata moja katika hayo, kirudishe rafuni. Karatasi nzima kila jioni ina hatari nyingine: mtoto hukumbuka kwamba jibu la lile swali la funguo ni C, na siku sentensi ikiwa ni ya nyufa za ukuta anarudi alikokuwa.

Mwalimu wa tuisheni anaweza kukufaa, hasa kama wewe na baba yake hamna hakika na ngeli wenyewe. Kabla ya kulipa, mpe lile swali la pili umwombe amweleze mtoto kwa nini "hakufika" si jibu. Akisema "kwa sababu jibu ni D", fedha zako zitapotea. Akianza kumuuliza mtoto mgeni yuko wapi, keti usikilize.

Kusoma kwa sauti ni njia ya nne ambayo hukuitaja. Hadithi za daraja lake, kurasa mbili tatu, yeye akisoma na mdogo wake akisikiliza. Haitaonekana kwenye karatasi ya wiki ijayo. Lakini upatanisho unaoingia kwa masikio hukaa, na hapo anasoma sentensi sahihi za mtu mwingine, hakuna wa kumkatiza.

Jambo dogo la mwisho, kwa sababu litakutokea. Ipo siku mwalimu atatia alama ya kosa mahali ambapo wewe unaona pako sawa. "Gari lingine" na "gari jingine" zote hutumika. "Singekuja" na "nisingekuja" zote utazikuta vitabuni. Usimwambie mtoto kwamba mwalimu hajui, wala usimwache aamini kwamba amekosea. Nenda shuleni na daftari, uulize kwa upole kitabu cha darasa kinatumia umbo gani, na mtihani ukifika achague hilo.

Leo jioni mpe ile sentensi ya vitabu vya mtoto wa mwalimu. Usimweleze kitu, andika tu herufi aliyochagua na maneno aliyoyasema alipokuwa akichagua, kisha unitumie. Nikiona hizo, nitakuandikia kuhusu ngeli ya kuanza nayo.